"Kwa hiyo" iliyoniponza kwenye sura ya saba

Ujumbe niliomtumia shoga yangu siku ile bado ninao kwenye simu. Sijaufuta, na kila ninapotakiwa kumsimulia mtu sura ya kitabu ambayo hakuisoma, huurudia kwanza. Ulikuwa hivi:

"Sura ya 7. Ikemefuna amekaa kwa Okonkwo miaka mitatu. Yeye na Nwoye wanapendana kama ndugu. Nzige wanakuja, watu wanafurahi. Mzimu unaamuru Ikemefuna auawe, kwa hiyo Okonkwo anamuua msituni. Nwoye anahuzunika. Wahusika: Okonkwo, Ikemefuna, Nwoye, Ezeudu. Dhamira: mila na desturi, ukatili, malezi."

Niliuandika saa nne usiku nikiwa nimechoka na cherehani, nikaona nimemsaidia mwenzangu. Tuko watu sita katika kikundi chetu cha kusoma. Tunakutana Jumamosi moja na kuacha moja, kwenye baraza ya Mwalimu mmoja mstaafu huku Ujiji, Kigoma, na nakala za kitabu tunazo tatu tu, zinazunguka. Wakati huo tulikuwa tunasoma Shujaa Okonkwo, ile riwaya ya Chinua Achebe ya mwaka 1958 iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na Clement Ndulute. Okonkwo ni shujaa wa Umuofia, Nwoye ni mwanawe, na Ikemefuna ni kijana wa kwingine anayelelewa nyumbani kwake. Shoga yangu anafanya biashara ya dagaa Kibirizi. Mtu wa dagaa ratiba yake anaipanga mwezi. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawafuati taa, wavuvi wanapumzika, naye anapata nafasi ya kusoma. Giza likiingia mitumbwi inatoka kila usiku, alfajiri mzigo unashuka, na kutwa nzima yuko mchangani anaanika. Sura ya saba ilimkuta kwenye giza. Zamu yake ya kitabu ikapita hajakifungua.

Jumamosi ikafika. Alikuja kwenye kikao na khanga yake ya kazini, akaketi, na mjadala ulipoanza alikuwa wa kwanza kusema. Akasema yeye hamlaumu Okonkwo. Mzimu ukishasema, binadamu atapinga vipi? Mtu kaamriwa kuua, akaua, na moyo ukamuuma. Aliyapanga maneno vizuri, nami niliyakubali kichwani, maana yalilingana kabisa na nilichomwandikia.

Mwalimu hakubishana naye. Alifungua kitabu, akatafuta ukurasa, akauliza kwa upole, "Mwanangu, nani aliyemwamuru Okonkwo?" Shoga yangu akanitazama. Mimi nikatazama kitabu, na hapo ndipo nilipoona kosa langu.

Hakuna aliyemwamuru Okonkwo. Mzimu wa Milima na Mapango ulitaka kijana auawe, basi. Haukumtaja wa kumuua. Tena Ezeudu, mzee kuliko wote katika mtaa ule na shujaa wa vita enzi zake, alifunga safari kuja kumwambia Okonkwo kwamba kijana huyu anakuita baba, usitie mkono wako katika kifo chake. Siku ya safari, wanaume wakiwa njiani wanawacheka wenzao waliokataa kuja, wanawaita wanawake. Maana yake walikuwepo waliokataa, wakabaki majumbani kwao na hakuna kilichowapata. Panga la kwanza halikuwa la Okonkwo. Yeye alikuwa amerudi nyuma ya msafara, na mwenzake alipoinua panga aligeuza uso. Kijana akamkimbilia anayemwita baba, akilia kwamba wanamuua. Hapo ndipo Okonkwo alipochomoa lake, na sababu mwandishi anaitaja waziwazi: aliogopa kuonekana dhaifu.

Mambo yote hayo niliyameza kwa maneno mawili, "kwa hiyo". Msomaji wangu alipokea mlolongo ulionyooka, mzimu ukaamuru, mtu akatii. Kitabu kinasema kitu tofauti kabisa. Amri ilikuwepo, mlango wa kutokea ulikuwepo pia, na mtu mmoja akashindwa kuupita kwa sababu ya hofu yake mwenyewe. Shoga yangu hakukosea kufikiri. Alifikiri sawasawa juu ya kitu kibovu nilichompa.

Baada ya kikao tuliongozana hadi kituoni. Hakunigombeza. Alisema tu, "Shoga, ningejua ningenyamaza." Neno hilo liliniuma kuliko ugomvi. Nikamwahidi kwamba Jumatatu nitamfuata Kibirizi nimsimulie upya, na kitabu nitakwenda nacho.

Jumapili nzima niliisoma sura ile tena, kalamu mkononi. Nilijiuliza swali ambalo sikujiuliza mwanzo. Huyu mtu anahitaji kuingia na nini kwenye sura ya nane? Mara ya kwanza nilikuwa nimeandika kama wanafunzi tulivyozoea, matukio, wahusika, dhamira, kila kimoja kwenye fungu lake. Mtu aliyebaki nyuma hafanyi mtihani. Anataka akifungua ukurasa unaofuata, awajue watu wale kama tunavyowajua sisi. Ajue nani amevunjika moyo, nani ana siri, nani hawezi tena kumtazama mwenzake usoni.

Nilianza na wahusika. Kwenye ujumbe wangu jina la Ezeudu lilikaa mwisho wa orodha kama la abiria, wakati yeye ndiye anayeibeba sura nzima kwa sentensi mbili tatu. Nikaacha kuorodhesha majina, nikaandika pembeni ya kila mmoja anajua nini. Hiyo ndiyo iliyonifumbua macho. Okonkwo anajua, maana ameambiwa na Ezeudu, na kesho yake asubuhi na mapema wazee wa vijiji vyote tisa wamekuja kuzungumza naye kwa sauti ya chini huku vijana wakitolewa nje. Ikemefuna hajui, ameambiwa anarudishwa kwao. Nwoye anayasikia maneno hayo hayo lakini anaangua kilio papo hapo, na baba yake anampiga kwa kulia. Mama yake Nwoye, Nwoye anapompelekea habari kwamba Ikemefuna anakwenda kwao, anadondosha mchi aliokuwa akisagia pilipili, anakunja mikono, anamsikitikia mtoto. Hakuna aliyemwambia neno, na ameshaelewa.

Ukiisimulia sura kwa njia hiyo, inajisukuma yenyewe. Msikilizaji anajua, Okonkwo anajua, na kijana anatembea na chungu cha tembo kichwani akidhani anakwenda kumwona mama yake. Kumbe nilikuwa na wahusika wanne kwenye karatasi na sikuwa na hata mmoja aliye hai, kwa sababu sikusema nani anamficha nani.

Jumatatu nilifika Kibirizi saa tatu. Mzigo ulikuwa umeshuka, dagaa wametandazwa mchangani eneo kubwa tu, wanang'aa kama vipande vya bati. Shoga yangu alikuwa ameinama anawageuza kwa ufagio, mstari hadi mstari, wale wa juu wanakwenda chini na wa chini wanapanda kupata jua. Dagaa akilala upande mmoja muda mrefu anashika mchanga na upande wa chini unabaki na maji, akiingia guniani vile anaozesha wenzake. Kwa hiyo hasimami. Nikachukua ufagio wa pili, nikaanza kusimulia huku tunageuza.

Nilianza na nyumba ilivyokuwa kabla ya balaa, maana bila hapo kifo hakina uzito. Miaka mitatu imepita tangu Ikemefuna aletwe kutoka Mbaino kama fidia ya mwanamke wa Umuofia aliyeuawa kule, na wazee ni kama wamemsahau. Amekuwa kaka kwa Nwoye. Kwa ajili yake Nwoye amechangamka, jioni haketi tena jikoni kwa mama yake, anakaa na wanaume barazani kwa baba. Okonkwo anafurahi kimoyomoyo. Anawasimulia vijana hadithi za vita na damu. Nwoye anasikiliza na anajua hizo ndizo za kiume, lakini moyoni anazipenda zaidi zile za mama yake, za kobe, na ile ya Ardhi na Mbingu zilizogombana mpaka mvua ikakatika miaka saba. Anajifanya hazitaki tena, kwa sababu hilo ndilo linalompendeza baba.

"Anajifanya," shoga yangu akarudia. "Mtoto anajifanya ndani ya nyumba yao." Nikamwambia ashike hapo hapo, tutaparudia.

Kisha nzige. Hapa nataka kusema kitu, kwa sababu mara ya kwanza niliwapa nzige maneno manne na karibu niwaondoe kabisa. Niliona hawaendi popote, wanakuja, wanaliwa, basi. Lakini kwa mtu wa Kigoma hiyo ndiyo sehemu rahisi kuliko zote kuiona. Ni msimu wa baridi baada ya mavuno, Okonkwo na vijana wake wawili wanatengeneza ukuta wa nje wa boma, ghafla kivuli kinaifunika dunia. Wanatua kwenye kila mti mpaka matawi yanavunjika. Kijiji kizima kinashangilia, maana ni chakula. Wanasubiri usiku umande ulowanishe mabawa, wanawaokota kwa vikapu, wanawakaanga kwenye vyungu, wanawaanika juani wakauke, wanawala kwa mafuta ya mawese yaliyoganda.

Shoga yangu alisimama, akacheka kwa furaha kabisa. "Kwa mawese! Kumbe ni sisi." Akaniuliza kama wanawaanika kama kumbikumbi. Nikamwambia kama kumbikumbi, na kama hawa hapa.

Nikamwacha afurahi, kisha nikaendelea. Okonkwo ameketi na vijana wote wawili, wanatafuna nzige, tembo linanyweka, na katikati ya raha hiyo Ezeudu anaingia. Wanamkaribisha chakula, anakataa. Anamwomba Okonkwo watoke nje. Mzee anakataa kula kwenye nyumba ambayo ana habari ya namna hiyo ya kuileta. Ufagio wa shoga yangu ulisimama.

Hapo nikaelewa kwamba kazi ya nzige ni kukupandisha juu ili uanguke vizuri. Ukiwaondoa, Ezeudu anaingia kwenye ukurasa mtupu.

Nilimsimulia safari kwa kufuata mpangilio wa kitabu, bila kutanguliza mwisho. Wanaume wanarudi na chungu cha tembo, wamevaa kama watu wanaokwenda mkutano mkubwa, mapanga yako alani. Mwanzo wa njia wanataniana, wanaongelea nzige, wanawacheka waliokataa kuja. Kadiri wanavyotoka nje ya kijiji, ndivyo kimya kinavyoingia. Njia inakuwa nyembamba, mchanga, msitu pande zote. Nilipofika panga la kwanza nilisema kwa makusudi: si la Okonkwo. Na nilipofika la pili nilitaja sababu kwa neno lile lile la mwandishi, hofu, wala sikuongeza maoni yangu. Nilijizuia hata kusema "masikini". Jumamosi nilikuwa nimemnyima nafasi ya kuhukumu mwenyewe, sikutaka kumnyima tena kwa njia nyingine.

Alikaa chini kwenye ukingo wa mtumbwi uliopinduliwa. Kimya kirefu. Kisha akasema, "Alirudi nyuma ili asione. Angeendelea kurudi nyuma tu."

Sentensi hiyo haimo kwenye kitabu wala sikumwambia mimi. Aliitoa kwenye jambo moja dogo, kwamba Okonkwo alikuwa mwisho wa msafara, jambo ambalo kwenye ujumbe wangu wa kwanza halikuwepo.

Ikabaki sehemu ya mwisho, ambayo ndiyo niliyoikosea kuliko zote baada ya ile "kwa hiyo". Mara ya kwanza niliandika "Nwoye anahuzunika". Kitabu hakisemi hivyo. Baba anapoingia usiku ule, Nwoye anajua Ikemefuna ameshauawa, na kitu ndani yake kinakatika, kama upinde uliovutwa sana. Halii. Halafu mwandishi anaturudisha nyuma, msimu wa mavuno uliopita. Watoto wanarudi shambani na vikapu vya viazi vikuu, wanasikia kichanga kinalia msituni. Wanawake wananyamaza ghafla, wanaharakisha mwendo. Nwoye alikuwa amesikia kwamba pacha huwekwa kwenye vyungu na kutupwa msituni, lakini hakuwahi kukutana nao. Siku ile kitu kile kile kilikatika ndani yake.

Kwenye muhtasari wangu wa kwanza niliwaacha pacha kwa sababu si tukio la sura hii, ni kumbukumbu ya zamani. Nilikuwa nahesabu matukio tu. Mwandishi amewaweka mwishoni kwa makusudi, baada ya kifo, ili tujue hii si mara ya kwanza kwa Nwoye. Si mtoto anayemlilia kaka tu. Ni mtoto ambaye vilio viwili sasa vimekuwa kimoja kichwani mwake. Ukiwapanga kwa tarehe, pacha wakatangulia, unaharibu. Wanatakiwa kuja mwisho, kwa mpangilio ule ule wa kumbukumbu.

Nilimkumbusha shoga yangu lile neno alilolishika mwanzo, "anajifanya". Hapo ndipo tulipozungumza dhamira, na haikuchukua muda. "Mila na desturi" niliyoiandika mwanzo unaweza kuibandika kwenye nusu ya riwaya za Afrika na isikuambie kitu. Tulichofanya ni kutafuta kinachojirudia. Nwoye anajifanya hapendi hadithi za mama. Analia, anapigwa. Waliokataa safari wanaitwa wanawake. Okonkwo anashika panga ili asionekane dhaifu. Mara nne ndani ya sura moja mtu anaogopa kuonekana laini, na kila mara ulaini huo ndio ungemwokoa mtu. Shoga yangu alisema, "Basi sura hii ni ya woga." Mimi ningesema ni ya uanaume. Lake ni bora, na alilipata kwa kuhesabu mwenyewe.

Kipo kipande sikukisimulia. Njiani Ikemefuna anataka kujua kama mama yake bado yu hai. Anaimba kichwani wimbo wa utotoni na kutembea kwa kuufuata. Ukiishia kwenye mguu wa kulia, mama yu hai. Ukiishia wa kushoto, amekufa, hapana, anaumwa tu. Nilijaribu Jumapili kukiandika mara tatu na kila mara kiligeuka habari. Kinafanya kazi kwa mwendo wa sentensi zenyewe, hatua kwa hatua, na mwendo hauwezi kufupishwa. Nikaweka kipande cha kitenge kwenye ukurasa huo, nikamwambia asome hizo kurasa mbili tu, hata akiwa amechoka vipi.

Alifuta mikono kwenye khanga, akasoma pale pale juu ya mtumbwi. Nikaendelea kugeuza dagaa peke yangu. Midomo yake ilikuwa inacheza, na mguu mmoja ukawa unagusa mchanga, kulia, kushoto, bila yeye kujua.

Alipofunga kitabu aliniuliza, "Hivi yule mzee Ezeudu, aliona nini mbele mpaka akaja kumwonya?"

Jibu nilikuwa nalo, liko sura kadhaa mbele, nilikuwa nimelisoma wiki ile ile. Kwenye ujumbe wa Jumamosi ningelichomeka bila kufikiri. Nikamwambia giza likiisha ataanza sura ya nane, na kitabu kibaki kwake.